Risala ya Kikundi cha Wanawake Wakamuaji wa Mafuta ya Nazi, Mafia, kwa Mgeni Rasmi siku ya kutia saini mkataba na mnunuzi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi wetu. Waheshimiwa viongozi wa kata na kijiji. Mgeni wetu mnunuzi uliyevuka bahari kutoka Nyamisati. Wazee wetu, mama zetu na wanakikundi wenzetu: Asalaam aleikum, na kwa wengine Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu sana. Tumekuomba uwe shahidi wa mkataba ambao kikundi chetu kitamuuzia mtengenezaji wa sabuni na mafuta ya ngozi wa Dar es Salaam mafuta ya nazi mabichi moja kwa moja, bila dalali kati yetu. Kabla hujashuhudia saini, tunaomba tukueleze yaliyomo ndani yake, kwa sababu kila kifungu kimetokana na jambo lililotuumiza.

La kwanza ni kipimo. Sisi akina mama tumezoea dumu la lita 20, na wanunuzi wa mjini wananunua kwa kilo. Mafuta ya nazi ni mepesi kuliko maji: lita moja ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo dumu la lita 20 likijaa sawasawa linatoa kilo 18.4, halifiki 20. Zamani mama akisikia "shilingi 10,000 kwa kilo", alirudi nyumbani akihesabu 200,000 kwa dumu. Kwenye mizani akapewa 184,000, akaondoka akiamini ameibiwa. Mnunuzi naye alituona wakorofi. Kumbe hakuna aliyemdanganya mwenzake siku hiyo. Kila mmoja alikuwa na kipimo chake. Sasa mkataba unataja kilo peke yake, na dumu tupu linapimwa kwanza mbele ya pande zote mbili.

La pili ni bei, na hapa Mheshimiwa tunaomba utuvumilie kidogo. Kwa njia yetu ya kukamua tui, lita moja inakula nazi pevu zipatazo 15. Nazi ikiwa shilingi 500, hizo tayari ni 7,500. Kufua, kukuna na kukamua tumekubaliana 1,500 kwa lita, kwa sababu mkono wa mama nao una thamani. Dumu, kitambaa cha kuchujia, kuni kidogo na usafiri hadi gati la Kilindoni ni 800. Jumla 9,800 kwa lita. Ukiuza kilo kwa 10,000, lita yako imekuingizia 9,200. Umefanya kazi toka alfajiri na umepungukiwa na shilingi 600, ila huzioni, kwa sababu nazi zilitoka shambani kwako na mikono ni yako.

Tulikaa na mnunuzi, tukamwekea hesabu hii mezani, kila shilingi. Naye akatueleza za kwake. Tumefikia 12,500 kwa kilo, yaani 11,500 kwa lita. Ziada ni 1,700: elfu moja ya aliyekamua, 700 ya mfuko wa kikundi. Nazi ikipanda kwa shilingi 100, gharama ya lita inapanda kwa 1,500, na bei ya kilo itapanda kwa 1,630 bila ugomvi wowote. Ikishuka, itashuka vivyo hivyo. Bei ya nazi itasomwa sokoni na mjumbe mmoja wa kila upande, siku moja kabla ya kupima. Sisi tunaiona hii kuwa ndiyo bei ya haki, maana haki ya mkulima haiwezi kuwa namba moja iliyogandishwa mwaka mzima huku nazi inapanda na kushuka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, bei hiyo haiwezi kudumu ikiwa mafuta ya leo si kama ya jana, na hapo lazima tuseme ukweli. Mwanzoni kila mama alikamulia kwake. Mmoja aliacha tui usiku mmoja, mwingine siku mbili. Mwingine alipika jikoni mpaka yakawa na rangi ya chai. Yote tukayamimina kwenye pipa moja, na dumu moja lililochacha likaharibu pipa zima.

Siku hizi tunakamulia kwenye banda hili mlilolipita mlangoni. Nazi inatikiswa kwanza: isiyosikika maji, iliyopasuka au iliyoanza kumea inawekwa kando. Inavunjwa na kukunwa siku hiyo hiyo, tui linakamuliwa na kuachwa usiku kwenye ndoo nyeupe zenye mfuniko. Asubuhi ukifunua unaona tabaka: juu povu zito la tui, chini yake mafuta, kisha maji yenye harufu ya uchachu, na mashapo kabisa chini. Mafuta yanachotwa taratibu bila kuyagusa maji. Ndoo ikipitisha muda, uchachu unapanda kwenye mafuta na hakuna dawa ya kuutoa.

Adui mkubwa ni maji yanayobaki. Kwa hiyo mafuta yanapashwa moto mdogo, yanachujwa kwa kitambaa kikavu, yanatulizwa na kumiminwa upya. Kipimo chetu cha papo hapo ni kijiko: weka mafuta kidogo kwenye kijiko kikavu juu ya moto, yakitatarika, bado yana maji, yanarudi kutulizwa. Dumu nalo lazima liwe limekauka ndani. Dumu lililosuuzwa asubuhi na kujazwa mchana limetuharibia mafuta mengi kuliko nazi mbovu.

Kila dumu sasa lina namba, tarehe na chupa ndogo ya sampuli inayobaki ofisini. Mnunuzi akilalamika, tunafungua chupa ya namba hiyo na kunusa pamoja. Mafuta ya daraja la kwanza ni maangavu kama maji yakiwa yameyeyuka, na meupe yakiganda. Yenye rangi au harufu ya moshi ni daraja la pili, yanakwenda kwenye sabuni kwa bei iliyoandikwa tangu sasa. Hatutaki tena bei ya daraja la pili kutajwa wakati mzigo umeshafika bandarini na hauna pa kurudi. Na jambo moja dogo kwa mnunuzi: mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ukiyakuta yameganda msimu wa kipupwe, si kwamba tumechanganya kitu. Yaweke kwenye maji ya vuguvugu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi matatu. Tunaomba Wakala wa Vipimo wafike kukagua mizani yetu, ili neno lake lisibishaniwe na upande wowote. Tunaomba ofisi yako itusaidie kufuata taratibu za Shirika la Viwango, TBS, kwani bila alama yao tutabaki kuuza malighafi tu. Na tatu, tunaomba tufikiriwe katika mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri: nazi hununuliwa kwa fedha taslimu, wakati mnunuzi analipa nusu siku ya kupima na nusu baada ya siku 14. Katika siku hizo ndipo mama anayehitaji ada ya mtoto hurudi kwa dalali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkataba uko mezani, na madumu ya mzigo wa kwanza yako bandani tayari kupimwa mbele yako.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.