Barua kwa mjomba aliyeuza ng'ombe

Shikamoo Mjomba,

Nimekupigia tangu tulipoanua matanga ya Bibi, hupokei. Mama anasema umeapa hutakula tena chakula kilichonunuliwa kwa pesa yangu. Ndiyo maana naandika hapa, watu wote wasome, maana na ulichosema pale msibani kilisikika na watu wote: "Huyu tulimsomesha bure."

Hukunisomesha bure. Baba alipofariki ulimtoa zizini ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa, ukamuuza, nikaingia kidato cha tano. Wanao walikunywa chai ya rangi mwaka ule wote. Kwa hiyo ulipompeleka binamu kwangu na fomu ya mkopo, hukuniomba rushwa. Ulikuja kuvuna ulichopanda, na ukoo mzima ulikuona una haki.

Nieleze sasa kilichotokea, kwa sababu binamu hakukueleza chote.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi bila riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Pesa hiyo ni ushuru wa soko na mazao, hata gunia lako la mahindi limo. Kikundi kikirejesha, pesa ileile inakwenda kwa kikundi kingine. Kisiporejesha, kinachofuata kinakosa. Unakumbuka mwaka 2023 Serikali ilipoisimamisha mikopo hii; vikundi hewa na madeni yasiyolipwa vilikuwa vimezidi, na ilirudi mwaka uliofuata.

Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye anayekwenda kukiona kikundi kwa macho kabla maombi hayajapanda juu. Kwenye kata yetu, afisa huyo ni mimi.

Nilipolifungua faili la binamu nilijua kabla sijamaliza ukurasa wa pili. Daftari la mihtasari ya kikundi lilikuwa na vikao vya miezi minane, vyote kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, bila hata doa la chai. Kikundi kinachokutana kweli kina daftari chafu: mtu kachelewa kapigwa faini, mwingine kagombana na mweka hazina, hisa zimekatwa na kuandikwa upya. Wanachama walikuwa watano. Wawili nawafahamu, wako Dar es Salaam tangu mwaka juzi. Banda la kuku lililotajwa ni lile la jirani yako, Mjomba. Nimekulia pale.

Sikulala usiku ule. Saini yangu ingetosha, na hakuna ambaye angeuliza. Nilikuwaza wewe, na nikawaza kikundi cha akina mama wa ushonaji waliokuwa nyuma ya binamu kwenye foleni. Nao wana wajomba, ila wajomba wao hawana mpwa ofisini.

Asubuhi nilimwandikia mkuu wangu kwamba mwombaji ni ndugu yangu, nikaomba nisilishughulikie ombi hilo. Alitumwa afisa wa kata nyingine. Aliuliza kila mtu aliyekuwepo majina ya wenzake wanne, hakuna aliyefika hadi wa nne. Faili likarudishwa. Sikumwambia mtu alikate, Mjomba. Lakini sikulibeba pia, na najua kwako hayo mawili ni kitu kimoja.

Kuna jambo uliniambia uani kwako, kabla ya msiba, ambalo limenikaa zaidi ya lile la hadharani. Wewe ndiye uliyenifundisha ahadi ya mwanaTANU, ukinisimamisha wima kama askari: "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Nilipokukumbusha, ulijibu: "Faida yako, ndiyo. Hii si yako, ni ya ukoo."

Hapo ndipo tunapoachana. Kwako, mimi na ukoo ni watu mbalimbali, kwa hiyo anayewapa ndugu hajajipa mwenyewe. Lakini ulipomuuza ng'ombe wako kwa ajili yangu hukusema unamsaidia mgeni, ulisema "huyu ni sisi." Kama mimi ni ninyi, basi nikiwapa ninyi nimejipa mimi. Nimeligeuza jambo hili kila upande na sioni pa kupenya.

Deni lako silikani. Litatoka kwenye mshahara wangu, ambao unaujua ni mdogo, na ndiyo sababu nyingine ulidhani ofisi ingeongezea. Ada ya mdogo wake binamu nimeshaibeba, Mama ana risiti.

Jumamosi nakuja na basi la asubuhi. Mwambie binamu awaite vijana walio kijijini kweli, hata wakiwa watatu, tuwatafute wengine wawili. Nitawafundisha kuweka hisa na kuandika daftari kama ninavyofundisha vikundi vyote vya kata. Wakiomba tena, atakayekuja kuwakagua hatakuwa mimi.

Usiponifungulia, nitakaa chini ya mwembe hadi basi la jioni.

Mpwa wako