Mkoba Hukatikia Sikioni: Kagua Hapa Kabla Hujalipa

Mikoba mingi inayoletwa kwetu kutengenezwa haijakatika mkanda. Mkanda wenyewe unakuwa mzima, wakati mwingine hata haujachakaa. Kinachong'oka ni kile kipande kifupi kilichoshonwa ubavuni, kinachoshika pete ambayo kulabu ya mkanda inanasa. Hapa kwa fundi tunakiita sikio. Dukani mteja atavuta mkanda, atafungua na kufunga zipu, atanusa kama ni ngozi kweli, lakini sikio halitazami, na ndilo linalobeba mzigo wote.

Mfano ni mkoba wa dada mmoja muuguzi, wa kuvaa mshazari kifuani, ngozi bandia nyeusi. Kwa nje ulikuwa bado mzuri. Sikio la kulia tu ndilo limechomoka na kuacha tundu lililochanika. Tulipofungua bitana tukaona sababu. Sikio lilikuwa limeingia ndani ya mshono chini ya sentimita moja, likashikwa kwa mstari mmoja tu wa uzi, na nyuma yake hapakuwa na kitu cha kulisaidia. Tena mishono ilikuwa imebanana mno. Watu hudhani mishono ya karibu karibu ndiyo imara, lakini kwa ngozi bandia ni kinyume chake: kila sindano inapopita inaacha tundu, na matundu yakisogeleana unapata mstari wa kuchania, kama ukingo wa stempu ya posta. Uzi haukukatika hata kidogo. Ngozi ndiyo iliyochanika kufuata matundu.

Tulimtengenezea sikio jipya la ngozi ya ng'ombe, pana sentimita mbili na nusu, likaingia ndani sentimita nne. Nyuma ya ubavu, chini ya bitana, tukaweka kipande cha mkanda wa nailoni ili uzi uwe na kitu kigumu cha kushika. Tukashona mraba wenye msalaba katikati, kwa uzi wa nailoni, nafasi kati ya mshono na mshono kama milimita nne, halafu ribiti mbili juu yake. Kazi kama hiyo haimshindi mtengenezaji yeyote. Inarukwa kwa sababu haionekani na inakula muda.

Basi ukiwa dukani, usiishie kuuvuta mkanda juu. Shika pete kwa vidole viwili uivute pembeni, kushoto na kulia, huku ukitazama mzizi wa sikio. Matundu ya uzi yakifunguka na kuonyesha mwanga au kitambaa cheupe cha nyuma ya ngozi bandia, mkoba huo hautakaa. Kisha ingiza mkono ndani, papasa upande wa pili wa sikio juu ya bitana. Unatakiwa kuhisi unene, kitu kigumu kidogo. Ukihisi ubavu mwembamba vilevile kama sehemu nyingine, ujue hakuna kilichowekwa. Ribiti peke yake bila mshono isikudanganye, maana kwenye ngozi bandia nyembamba inatoboka na kubaki inaning'inia na kiduara chake.

Pete nayo itazame ilipoungana. Nyingi ni waya uliokunjwa ncha zikakutana bila kuchomelewa, na mzigo ukizidi ile nafasi inaachama mpaka sikio linapita. Zungusha pete polepole. Ukiona ufa, chagua mkoba mwingine, au leta tukubadilishie pete, ni kazi ndogo. Kuhusu kulabu, ile inayozunguka kwenye shingo yake ni bora, kwa sababu mkanda ukijipinda kulabu inageuka, bila kulinyonga sikio.

Sasa uzito. Mkoba wa kila siku wa mtu anayetoka asubuhi na kurudi jioni si mwepesi kama unavyodhani. Chupa ya maji ya nusu lita ni gramu mia tano na kidogo, simu kama mia mbili, pawabenki mia mbili na ushee, mwavuli mia tatu, funguo na pochi ya hela mia mbili hamsini, kontena la chakula mia tano. Weka na mkoba mtupu wa gramu mia sita, umefika kilo mbili na nusu. Ukiwa umesimama, kiasi hicho si tatizo. Tatizo ni pale unapodandia daladala inayoanza kuondoka, mkoba ukaruka na kutua: mshtuo huo unavuta sikio kwa nguvu kubwa kuliko uzito uliopo ndani.

Namna unavyopanga vitu ina uzito wake pia. Chupa na chakula vikikaa upande mmoja, mkoba unalala, na sikio la upande huo linavutwa kwa mshazari badala ya kwenda juu moja kwa moja. Mshono unaanza kufumuka pembeni kwanza. Yule dada muuguzi sikio lake lililong'oka lilikuwa upande ule ule wenye mfuko wa chupa. Weka kizito katikati, na kiegemee ukuta wa nyuma unaogusa mwili wako. Ndiyo maana tunapenda mikoba ambayo pete zake zimekaa karibu na ukuta wa nyuma kuliko katikati ya ubavu: mkoba unalala mwilini, haupindukii nje na kuachama mdomo kwenye msongamano.

Kwa bega, upana wa mkanda ndio muhimu. Uzito ule ule kwenye mkanda wa sentimita moja unakandamiza mara nne kuliko kwenye mkanda wa sentimita nne. Minyororo myembamba ya dhahabu ni ya harusini. Na kama mkoba wako ni wa begani tu, hauvaliki mshazari, angalia kama unainua bega ili usiteleze. Ukijikuta unafanya hivyo kila siku, shingo itakuambia. Wa mshazari ufupishe mpaka ukae juu ya nyonga. Ukining'inia kwenye paja, kila hatua unaupiga teke dogo, na masikio ndiyo yanayolipa.

Bitana tunaiacha mwisho lakini wewe ianzie hapo, kwa sababu ndiyo inayoficha kila kitu. Igeuze nje kama mfuko wa suruali. Ikigoma kutoka kabisa, huenda imegundishwa, na siku ya matengenezo itabidi ichanwe. Vuta mshono wa chini taratibu: nyuzi zikianza kuchomoka ukingoni, kitambaa kilikatwa karibu mno na mshono, na funguo zitatafuta njia ya kupita mpaka sarafu zako ziwe zinalia katikati ya bitana na ngozi. Rangi nyepesi ni bora kuliko nyeusi, utaona kalamu iko wapi. Ila bitana ya plastiki laini inayong'aa iepuke kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam. Baada ya muda huanza kunata, kisha inabanduka vipande vinavyoshika kwenye kila kitu. Ikandamize kwa kidole gumba uhesabu hadi kumi. Kidole kikitoka kwa kung'ang'ania, rudisha mkoba.

Kubadilisha bitana nzima tunafanya, na masikio tunayaimarisha hata kwa mkoba mpya kabla hujaanza kuutumia. Hiyo ni rahisi kuliko kuziba tundu lililokwisha chanika. Tusichopokea ni mkoba ambao ngozi bandia yake imeshaanza kubanduka magamba kwa nje. Hapo uzi hauna cha kushika, na tutakuwa tunachukua hela yako bure.