Urefu wa kubahatisha unawaficha watoto wenye njaa

Kwa Mhariri,

Naandika kuhusu watoto wenye mtindio wa ubongo, hawa kina mama hapa Mombasa huwaita watoto wa sipii, na vile tunavyowapima kliniki. Mimi ni mtu wa lishe, nafanya kazi huku Kisauni, na naona vitabu vya kliniki vina urefu ambao hauwezi kuwa kweli kabisa. Mtoto miguu imekunjika na kukaza, mgongo umepinda, halafu mtu amemlaza kwenye ubao akamnyoosha pale alipoweza akaandika namba, na hiyo namba ndo inakuja kumponza mtoto.

Chukua mvulana mmoja wa miaka 7. Kitabu chake kilisema urefu ni sentimita 94. Uzito tulipima mama akiwa amembeba, kilo 68.4, halafu mama peke yake, kilo 55.1, kwa hivo mtoto ana kilo 13.3. Sasa tafuta BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu: gawanya 13.3 kwa jibu la 0.94 mara 0.94, unapata kama 15, na chati ya WHO inasema katikati kwa mvulana wa umri huo ni 15.5. Yaani kwa karatasi huyu mtoto yuko sawa! Mama alikuwa ameshaambiwa kwengine kwamba watoto hawa ndo walivyo, wadogo wadogo, arudi nyumbani. Na mtoto ukimvua shati mbavu unazihesabu.

Tukaacha ubao tukapima goti. Unamlaza chali au unamkalisha, unakunja goti na kifundo cha mguu vyote viwe pembe mraba, halafu unapima kutoka chini ya kisigino mpaka juu ya paja pale goti linapokunjia, kwa kifaa kigumu, si utepe wa fundi cherehani unaojipinda na nyama. Pima upande ambao haujaathirika sana, rudia, chukua wastani. Yeye alikuwa na sentimita 31. Hesabu ya watoto hawa mpaka miaka 12 ni hii: urefu = (2.69 × goti) + 24.2, inatoka 107.6. Rudia ile hesabu ya uzito kwa urefu huo sasa, unapata 11.5, na kwa umri wake chini ya 12.3 ni utapiamlo mkali. Mtoto ni yuleyule, siku ileile, mzani uleule.

Kuwa makini lakini, ukikosea goti kwa sentimita moja tu urefu unaruka karibu 2.7. Na kama kifundo kimekaza vidole vinaangalia chini hakikunjiki, goti halitafaa, pima mfupa wa muundi kwa ndani, kutoka ukingo wake wa juu gotini mpaka chini ya kile kinundu cha kifundo, na hesabu yake ni (3.26 × muundi) + 30.8. Usichanganye hizo mbili. Ule utepe wa kupima mzunguko wa mkono nao unasaidia ila misuli ya hawa watoto imekonda kwa kutotumika, kwa hivo pima pia unene wa mafuta nyuma ya mkono kama kuna kalipa, kile kibano cha kupimia, hapo ndo unajua akiba ya mwili imebaki kiasi gani.

Halafu chakula chenyewe. Ukimuuliza mama anakula vipi atakwambia bakuli zima la uji, na hadanganyi, bakuli linaisha kweli. Mwambie aje na chakula amlishe ukiwa umekaa hapo. Tulipima bakuli kabla, tukapima tena bakuli pamoja na kitambaa cha kifuani baadaye, na karibu nusu ilikuwa kwenye kitambaa. Ilichukua zaidi ya dakika 45, na kila mlo ukipita nusu saa hivo ujue ni shida. Alikuwa analishwa amelala mapajani shingo imeenda nyuma, na maji ndo yalimkohoza zaidi kuliko uji mzito, macho yanatoka machozi, sauti baadaye kama ina maji kooni. Na kifua kilishamlaza hospitali mara kadhaa. Hizo ni dalili chakula kinaingia njia ya hewa, na wengine hata hawakohoi, kwa hivo kimya si ushahidi kwamba ni salama. Huyo hafai kuambiwa tu ongeza karanga na mafuta ya nazi kwa uji, anatakiwa akalishwe wima kidevu kimeinama kidogo, aonwe na mtaalamu wa kumeza, na akishindwa kabisa kushiba kwa mdomo familia izungumziwe mapema habari ya mpira wa kulishia unaoingizwa tumboni.

Ombi langu kwa wenzangu wa kliniki ni kwamba muandike kitabuni mmepima mfupa gani, upande gani na namba yenyewe kabla ya hesabu, kwa sababu mwezi ujao atakayempima pengine ni mtu mwengine, na kama hajui ulianzia wapi hawezi kujua mtoto ameongezeka ama amepungua.

Mtu wa lishe,
Kisauni, Mombasa