Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: herufi zilizokosekana na kifungu kilichozuia kuziongeza

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama chetu cha wachora herufi mmekwisha kuzipata kwa mhazini, na orodha ya wanachama wapya iko kwa katibu, kwa hiyo sitazirudia. Taarifa yangu ya mwaka huu inahusu shauri moja lililofikishwa mbele ya kamati, kwa sababu ndilo lililozaa mapendekezo mawili mtakayopigia kura.

Mwanachama mwenzetu aliuza fonti ya vitabu kwa mchapishaji wa kitabu cha watoto cha kujifunza kusoma Kiewe, lugha ya Ghana na Togo. Katika maelezo ya mauzo alikuwa ameandika kwamba fonti hiyo "inafaa kwa lugha za Kiafrika". Kiewe kina herufi 7 zisizokuwamo katika alfabeti ya kawaida ya Kilatini: ɖ, ɛ, ƒ, ɣ, ŋ, ɔ na ʋ. Ukihesabu na herufi kubwa zake, unapata maumbo 14. Fonti ile ilikuwa na ɛ, ŋ, ɔ na ƒ. Zilizobaki kompyuta ilizichukua kimyakimya kutoka fonti nyingine. Kasoro ya namna hii huonekana ukiutazama ukurasa kwa mbali: herufi chache zinakuwa nyeusi kuliko jirani zake, au zinapanda na kushuka kidogo mstarini. Mtoto anayeanza kusoma huona herufi mbili pale penye herufi moja.

Mpangaji wa kurasa alijitahidi kuokoa kazi. Alipokosa Ɖ kubwa, alichukua Đ, na machoni hazina tofauti yoyote. Lakini kwenye Yunikodi ni herufi mbalimbali: ya Kiewe ni U+0189, na ile aliyoichukua ni U+0110. Ipo hata ya tatu inayofanana nazo, Ð ya Kiaislandi, U+00D0. Siri hujulikana zinapogeuzwa kuwa ndogo, maana zinatoa ɖ, đ na ð. Kwenye karatasi mambo yalikwenda vizuri. Kitabu cha kielektroniki kilipotengenezwa, vichwa vya sura viligeuzwa herufi ndogo kwa ajili ya yaliyomo, na neno ɖevi, yaani mtoto, likatokea likiwa đevi. Msomaji aliyelitafuta kwa kibodi ya Kiewe hakulipata.

Hata herufi zilizokuwamo zilikuwa na matatizo. ƒ ilikuwa imelala. Wengi wetu tuliirithi hivyo, kwa sababu nafasi ya U+0192 ilitumika zamani kwa alama ya fedha ya Uholanzi, na alama hiyo huchorwa ikiwa imeinama. Katika neno aƒe, nyumbani, herufi moja iliyolala kati ya mbili zilizosimama inasomeka kama kosa la chapa. Ŋ kubwa nayo ilichorwa kwa umbo la N yenye mkia, linalopendwa na Wasami wa kaskazini mwa Ulaya, ilhali wasomaji wa Kiewe wamezoea umbo la n ndogo iliyokuzwa. Ushauri wangu ni kuweka umbo la Kiafrika kama la kawaida na kuwapa Wasami lao kupitia `locl`.

Ɛ na ɔ nazo huja na alama ya sauti ya puani: ɛ̃, ɔ̃. Msisubiri Yunikodi itoe nafasi moja kwa kila muunganiko huo, kwa sababu kanuni zake za uthabiti zimefunga mlango wa nyongeza za aina hiyo. Kinachotakiwa ni alama U+0303 pamoja na nanga: unaweka nanga `top` juu ya ɛ na ɔ, kubwa na ndogo, na `_top` kwenye alama yenyewe, kisha `mark` inazikutanisha. Bila nanga, alama inaelea pembeni au inaingia ndani ya herufi kubwa. Kujaribu ni rahisi: andika ɛ̃ ɔ̃ Ɛ̃ Ɔ̃ kwenye programu mbili tofauti, kisha utazame.

Haya yote ni kazi ya siku chache kwa fundi anayejua, na mchapishaji alikuwa na fundi wa namna hiyo. Aliomba ruhusa aongeze herufi mwenyewe. Leseni ilisema mnunuzi haruhusiwi kuibadili faili kwa namna yoyote. Mwenzetu alikuwa mgonjwa na barua haikujibiwa. Tarehe ya kupeleka kitabu mitamboni ilipokaribia, mchapishaji alihamia Charis SIL, ambayo ina herufi zote za Kiewe na iko chini ya leseni huria ya OFL. Leseni hiyo inakuruhusu kuitumia fonti, kuibadili na kuigawa. Hairuhusu kuiuza peke yake, na toleo lililobadilishwa lazima libaki chini ya leseni ileile, bila kutumia jina ambalo mwenye fonti amelihifadhi.

Baadhi yenu mliniandikia kwamba fonti za bure zinatuua. Kwa shauri hili sikubaliani nanyi. Mchapishaji alikwisha kulipa. Kilichomfukuza ni kifungu ambacho wengi wetu tumekinakili kutoka leseni za wengine bila kujiuliza kinamzuia nani.

Kamati inapendekeza kifungu hiki badala yake: "Mnunuzi anaweza kuongeza au kurekebisha herufi na alama zinazohitajika kuandika lugha anayoichapisha, kwa matumizi yake mwenyewe au kupitia fundi aliyempa kazi hiyo. Faili iliyorekebishwa itapewa jina jingine, itabaki chini ya leseni hii, na haitauzwa wala kugawiwa." Sharti la jina liliongezwa baada ya mjumbe mmoja kueleza hofu yake ya haki kabisa, kwamba ɣ mbaya iliyochorwa na mtu mwingine ingezunguka duniani ikibeba jina la fonti yake. Kwa wanachama wanaochora mwandiko wa nembo kifungu hiki hakihusiki. Mikataba yenu inauza mchoro, si faili ya herufi.

Tulipoifungua faili ile tulikuta pia kwamba `fsType` yake ilikuwa 2, yaani isipachikwe ndani ya hati, wakati leseni aliyouziwa mnunuzi ilikuwa ya vitabu vya kielektroniki. Karatasi iliruhusu, faili ikakataa. Anayeruhusu kupachika katika hati zinazohaririwa aweke 8. Kwa kusoma na kuchapa tu, 4. 0 haiweki kizuizi chochote. Tafadhali kagueni faili zenu kabla ya kuuza tena.

Pendekezo la pili ni kwamba maneno "lugha za Kiafrika" yasitumike tena katika maelezo ya mauzo ya mwanachama yeyote. Lugha itajwe kwa jina, baada ya kurasa za majaribio kusomwa na mtu anayeisoma lugha hiyo kila siku. Kihausa kinahitaji ɓ, ɗ, ƙ na ƴ. Kiyoruba kinahitaji nukta chini na toni juu ya herufi moja, kama ẹ́. Fonti inayomudu kimoja haijamudu kingine.

Mwenzetu amepona na amekamilisha herufi zote 14. Msomaji wa Kiewe aliyetusaidia amepitisha ʋ, baada ya kuirudisha mara mbili kwa sababu ilifanana mno na v, na kwa Kiewe Eʋe ni jina la lugha ilhali eve ni mbili. Ɣ ndogo bado anaikataa: kwa ukubwa wa maandishi ya kawaida anaisoma kama y, na anataka kitanzi cha chini kifunguliwe zaidi. Mwanachama mwenye michoro ya ɣ iliyopita mikononi mwa wasomaji aipeleke kwa katibu kabla ya mkutano.