Maneno ya kanga yasiende kwa mchapaji bado

Tanga, Jumanne usiku

Shoga yangu Mama Nasra,

Hujambo? Watoto hawajambo? Baba Nasra je, mguu umepoa? Sisi huku wazima, ila mama alituweka wodini wiki tatu, na ndiyo sababu ya kimya changu. Sasa amerudi nyumbani, anakula, anagombana na wajukuu, tunamshukuru Mungu. Hayo nitakuhadithia siku yake. Leo nina haraka, maana umesema Ijumaa mnapeleka maneno ya kanga ya kikoba chenu kwa mchapaji, na mkishalipa nusu ya pesa hakuna kubadilisha.

Picha ya mchoro nimeipata. Pindo limenipendeza mno, na yale maua ya mjini yamepangika vizuri. Macho yaliposhuka kwenye jina ndipo nilipokaa kitako. ACHENI UVIVU WEKENI AKIBA. Mama Nasra, nakuomba, hayo maneno yasiende.

Najua mweka hazina wenu ana nia njema. Anataka kina mama wa mtaa wavutike waje kununua hisa. Lakini hebu mfikirie yule mama wa maandazi pale kwenu kona. Saa kumi alfajiri kashawasha jiko, unga kashaukanda usiku. Anapita mwanachama wenu kajifunga doti mpya, na mama wa watu anasoma: acheni uvivu. Mtu haambiwi aache kitu asichokifanya. Ukisema "acha" umeshamhukumu kwamba ni mvivu, kabla hujamweleza habari ya akiba. Hapo masikio yameziba, na hilo neno la pili, ambalo ndilo lenye faida, hatalifikia.

Yametupata hayo, ndiyo maana nasema kwa uchungu. Mwaka ule tulipoanzisha kikundi chetu tulichapa fulana zimeandikwa WANAWAKE AMKENI. Tukaenda nazo sokoni kwa furaha zetu. Mama mmoja muuza nyanya akaisoma ya kwangu, akaweka chini sado lake, akaniuliza taratibu kabisa: "Mwanangu, mimi nimetoka kitandani saa tisa usiku kuwahi mzigo. Nani aliyelala?" Sikuwa na jibu. Hakuja kujiunga, na wenzake waliokuwa pembeni yake hawakuja. Nilirudi nyumbani nimebeba fomu zangu zote.

Na nyinyi mnachapa kanga, ambayo ni hatari kuliko fulana. Fulana ni tangazo tu. Kanga inasema na mtu. Tangu tuko wadogo tumeona mke mwenza anavyojibiwa kwa kanga, jirani anavyopewa lake kwa kanga, mama mkwe anavyozungukwa. Ukijifunga, jina linakaa nyuma, na anayelisoma ni yule anayekufuata njiani, au jirani anayeiona kanga yako kwenye kamba. Halafu kila msomaji anajiuliza swali lile lile: hapa nimesemwa mimi? Sasa mpe maneno ya "acheni uvivu" mwanachama wenu ambaye wifi yake hana kazi, uone nyumba itakavyowaka moto. Atasema ni sare ya kikoba, nani atamwamini?

Umeniuliza kwenye ile sauti yako kama itatosha kugeuza iwe TUACHE UVIVU TUWEKE AKIBA. Nimeifikiria sana. Ile "tu" imesaidia kidogo, kwa sababu "acheni" inamsimamisha msemaji juu ya meza na wengine wote chini, na "tuache" inamshusha akae nao. Lakini lawama bado ipo, mmeigawana tu. Na hiyo "tu" nayo ina masharti yake. Bosi akija shambani na viatu vyake safi akasema "jamani tulime", kila mtu anajua nani atashika jembe. "Tu" inakuwa ya kweli pale anayesema naye anafanya. Kwenu inakaa vizuri, kwa kuwa anayevaa kanga ni mwanachama, naye wiki hii kaweka hisa yake. Ingekuwa ni bango la mfadhili ningewakataza.

Basi nikatoa uvivu wote, ikabaki TUWEKE AKIBA. Hapo hakuna tusi. Lakini nimeisoma kwa sauti mara tatu jikoni, naiona kavu, kama kichwa cha barua kutoka ofisini. Haimwiti mtu.

Lile pendekezo la katibu, USIPOWEKA LEO UTALIA KESHO, ndilo baya kuliko yote, japo lina mlio mzuri. "Usipo" ni kitisho. Aliyeshindwa kuweka wiki hii kwa sababu mtoto alilazwa, unamwambia atalia? Analia tayari. Ukitaka maana ile ile, zunguka uingie kwa mlango wa "uki": ukiweka leo, kesho utapata kitu fulani. Jambo ni lile lile, ila wa kwanza anasukumwa mgongoni na wa pili anaonyeshwa mbele. Na hicho "kitu fulani" kitajwe, kiwe ada ya Januari au bati la nyumba. Maneno kama "mafanikio" yamechoka, shoga.

Nisikudanganye lakini kwamba kila neno la kuamrisha ni baya. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaanza kupakaza asali mpaka sentensi inateleza. Dada yangu mdogo nilimwonyesha, akaniandikia: "Tunaomba ikiwezekana tujaribu kidogo kuweka akiba jamani." Nani atasimama kusoma hiyo? Inaonekana hata mwenyewe hana hakika na anachokisema. Sisi mtu akipita mlangoni tunakula tunamwambia "njoo tule". Hiyo "njoo" ni amri, lakini hakuna aliyewahi kuchukia kuambiwa njoo tule, kwa sababu chakula kipo, na anayeita anakula naye. Ukali hautoki kwenye umbo la kitenzi peke yake. Unatoka kwenye kile unachomdhania mtu, na kwenye nani atafaidika akikufuata.

Kwa hiyo nikaanza upya na "njoo". Kwanza niliandika: NJOO HATA NA ELFU MOJA. Nikaipenda usiku, asubuhi nikaifuta. Hiyo "hata" ni neno la kuchungwa. "Hata elfu moja" maana yake elfu moja ni ya chini kabisa, tunakuvumilia tu. Na kuna mwenzetu ambaye elfu moja yake kaikusanya siku nne. Ni kama kumwambia mtu "hata wewe umekuja!" Umemkaribisha huku umemdharau. Nikajaribu NJOO NA KIDOGO CHAKO, nikaona nako nimeshampimia, nani kaniambia ni kidogo?

Mwisho nikafika hapa, ndipo nilipo mpaka sasa:

NJOO NA ULICHO NACHO TUKIKUZE

Iangalie vizuri. "Njoo" inamwita mtu mmoja. "Ulicho nacho" haisemi kikubwa wala kidogo, mwenyewe anajua. Na "tukikuze" ndimo "tu" yetu ilipokaa, mwishoni, kwenye kazi yenyewe na siyo kwenye lawama. Kumbuka sanduku lenu lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, hakuna anayekuza chake peke yake. Tena ukiisoma haraka haimgusi wifi wala jirani. Hata akijidhania kasemwa, kaambiwa aje.

Kasoro yake naiona: anayepita asiyejua ni kanga ya kikoba anaweza kudhani ni mambo ya mapenzi. Mimi sioni shida, lakini nyinyi ndio mtakaovaa. Kama mnaogopa hivyo, semeni TUKIKUZE KIKOBA CHETU, ila litakuwa refu na herufi zitabanwa.

Usiniamini mimi peke yangu. Kesho au Alhamisi andika matatu yale, la mweka hazina, la katibu na hili langu, kila moja kwenye karatasi yake, kwa herufi kubwa kama yatakavyokuwa. Waonyeshe kina mama watano sita ambao si wanachama, mmoja mmoja, wasisikilizane. Usiwaulize kama ni mazuri, watakwambia mazuri kukupendeza. Waulize swali moja tu: "Hapa anaambiwa nani?" Akikutajia mtu, "huyo anasemwa mama fulani", maneno yamegeuka kijembe. Akisema "wanatuambia sisi" na uso umekunjamana, bado yanakaripia. Akikuuliza "mnakutana siku gani?", hapo chukua hayo hayo upeleke.

Jambo jingine nisije nikasahau. Mweka hazina asije akashika hii barua akataka kulainisha na katiba ya kikundi. Katiba iacheni kama ilivyo. Atakayechelewa kikao atatozwa faini, asiyeleta rejesho atadaiwa, hapo hakuna njoo wala karibu, maana waliomo wameshakubali kwa kutia saini. Utamu ni wa mlangoni, kwa yule ambaye hajaingia. Mkilainisha kanuni, watakaoumia ni wale wanaolipa kwa wakati.

Mama ananiita, nadhani anataka maji. Nimerudi. Nilikuwa naandika nini? Ndiyo, mchapaji. Mwambie akuletee sampuli ya jina kwenye kitambaa kabla hajachapa zote, na uihesabu herufi moja moja kwa kidole. ULICHO NACHO wakikubania nafasi isomeke neno moja haidhuru, lakini wakidondosha herufi kwenye TUKIKUZE mtavaa kosa hilo mpaka doti zichakae.

Sasa nijibu na wewe. Mmeagiza doti ngapi, na zile fedha zinatoka mfuko wa jamii au kila mtu kachangia? Mweka hazina atakasirika sana? Nimwandikie mimi mwenyewe, au utamweleza taratibu baada ya kikao? Mama wa maandazi yule bado yuko pale kona? Mwanzie yeye na zile karatasi, tafadhali. Nasra matokeo yametoka? Na kitenge changu ulichokopa kwenye harusi ya Zuhura, bado unakivaa au nikifuate?

Nipigie Alhamisi usiku, baada ya Isha, nitakuwa nimeshamlaza mama. Wasalimie wote.

Wako,
Mama Hadija