Barua kwa mabwana harusi wa Dar: usiku wa kwanza si mtihani

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi ambao kamati zenu za harusi zinakaa kila Jumapili, Sinza, Tabata, Mbagala na kwingineko, zikipiga hesabu za michango, ukumbi na chakula. Bibi harusi ana kungwi wake na ana kichen pati, na huko shangazi zake humweleza mambo ya ndani bila kificho. Bwana harusi anapewa nini? Utani tu wa marafiki: "Mwanangu, usituangushe." Anaondoka ukumbini akiwa na mzigo huo kichwani, na hana wa kumwambia kwamba anaogopa.

Wengi huja kwetu wazee wakati mambo yameshaharibika. Nitawaeleza kisa cha mmoja wao, nimeondoa yale yanayoweza kumtambulisha. Alioa Jumamosi. Aliamka kabla ya alfajiri, ibada ikawa mchana, picha ufukweni jioni, ukumbini hadi usiku wa manane, na kila meza aliyosalimia ilimkabidhi bia. Walifika hotelini Kigamboni saa nane usiku. Mke alikuwa hoi. Yeye naye alikuwa hoi, lakini aliona ni lazima. Uume haukusimama. Alipojaribu tena ulisimama kidogo, na alipotaka kuingia ukalegea. Siku ya pili alianza kuiogopa jioni tangu mchana. Usiku wa tatu alimeza kidonge alichonunua duka la dawa bila maelezo yoyote, akajilaza kukisubiri kifanye kazi chenyewe. Akaambulia maumivu ya kichwa. Siku ya nne mke akamuuliza, huku analia, kama kuna mwanamke mwingine.

Swali la kwanza nililomuuliza lilikuwa hili: asubuhi unaamka umesimama? Akasema ndiyo, karibu kila siku. Jibu hilo lilinipunguzia wasiwasi mwingi. Mwanamume anayeamka hivyo, mishipa yake ya damu na ya fahamu kwa kawaida haina tatizo kubwa. Uume husimama pale misuli yake ya ndani inapolegea na kuruhusu damu ijae. Hofu hufanya kinyume. Mtu akiogopa, mwili humwaga adrenalini, mishipa hubana, damu hukimbilia kwenye mikono na miguu kana kwamba anajiandaa kukimbia au kupigana. Hapo huwezi kuulazimisha mwili kwa nia wala kwa hasira. Ongeza uchovu, njaa na pombe, ambayo yenyewe hulegeza uume, na utaona kwamba jogoo kushindwa kupanda mtungi usiku ule halikuwa jambo la ajabu hata kidogo.

Kilichomuumiza zaidi ni usiku wa pili na wa tatu. Alikuwa kitandani na mkewe, lakini akili yake ilikuwa inajikagua: umesimama? umeanza kulegea? Anayejikagua hivyo hamhisi mwenzake tena, ashiki inakatika, na kile anachokiogopa kinatokea. Kesho yake hofu inakuwa kubwa zaidi.

Nilimwomba aje na mkewe, naye akaja. Niliwaambia kwa wiki nzima wasiingiliane, hata kama uume umesimama vizuri. Kijana alishangaa, lakini ushauri huu si wangu peke yangu, washauri wa mambo ya ndoa wameutumia miaka mingi, na kazi yake ni kuondoa mtihani. Siku za mwanzo walale pamoja, wapapasane mgongo, mikono, shingo na miguu, kila mmoja kwa zamu, na anayepapaswa aseme kipi anakipenda. Wasiguse matiti wala sehemu za siri. Siku chache baadaye waguse kote, bado bila kuingiliana. Uume ukisimama kisha ukalegea, wauache. Utarudi, na mtu akishaona mara mbili tatu kwamba hurudi wenyewe, kulegea kunaacha kumtisha. Hawakuimaliza wiki yote, na sikuwalaumu.

Mke naye ana hofu yake, mara nyingi ya maumivu. Mwanamke asiye na ashiki hubaki mkavu na misuli ya uke hukaza, kwa hiyo haraka yako humuumiza, na akiumia leo kesho atakaza kabla hujamgusa. Mpe muda wa kutosha, na yeye ndiye aseme yuko tayari. Tumieni kilainishi cha maji, kinauzwa duka la dawa. Kama mnatumia kondomu za kawaida za mpira, msipake mafuta ya nazi wala ya mgando, huzidhoofisha zikapasuka. Akisema inauma, acha hapo hapo. Uke ukikaza kila mnapojaribu na hakuna kinachopita, hilo lina tiba, aende kwa daktari wa wanawake.

Kuhusu damu nasema wazi, maana bado ziko familia zinazosubiri kisarawanda chenye damu. Si kila bikira hutoka damu. Utando ule hutofautiana kwa kila mwanamke, na wengi hunyumbuka bila kuchanika. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalisema hakuna uchunguzi unaoweza kuthibitisha ubikira. Shuka safi halimshitaki mkeo.

Na mkifanikiwa, huenda ukamaliza haraka sana mara za mwanzo. Ni kawaida. Msijipime kwa video za kwenye simu. Katika utafiti wa nchi tano uliochapishwa mwaka 2005, wanaume na wenzi wao walijipima kwa saa, na tendo lenyewe, tangu kuingia hadi mwanamume kumaliza, namba ya katikati ilikuwa dakika 5 na nusu hivi.

Kwa hiyo zungumzeni kabla ya harusi. Wale mnaojizuia hadi ndoa mnaweza kuyasema haya sebuleni kwa wazazi au kwenye simu: mimi naogopa hili, wewe unaogopa nini? Kubalianeni kwamba usiku wa harusi mtaoga, mtakula, mtalala. Kama mmepanga kuchelewa kupata mtoto, nendeni kliniki mapema mkachague njia, msiliache swali hilo hadi kitandani. Ukumbini kula chakula chako, na bia za mezani mpe msimamizi wako.

Vumbi la Kongo na unga mwingine wa mitaani uacheni. Hujui kilichomo wala kipimo chake. Sildenafili, kidonge cha kusaidia uume kusimama kinachouzwa duka la dawa, ni dawa halali, lakini haifanyi kazi bila ashiki, na anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akiimeza shinikizo la damu linaweza kushuka hadi kumuua. Mwulize daktari kwanza.

Muone daktari pia kama huamki umesimama kabisa, kama uume unauma au umepinda ghafla, kama unakunywa maji na kukojoa kupita kawaida, au kama miezi 3 imepita bila nafuu. Hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala zote ziko karibu. Watakupima sukari na presha. Nenda na mkeo, asikie majibu kwa masikio yake.

Na asubuhi ya Jumapili marafiki wakipiga simu kuuliza "vipi?", wajibu kwamba mmelala salama. Dada zake nao mkeo awajibu hivyo hivyo, mkubaliane kabla hamjatoka ukumbini.

Mzee wenu,
Magomeni