Baba mdogo kaniomba nimrekebishie lugha ya hotuba, lakini tatizo si lugha

Mshauri wetu, shikamoo.

Mdogo wangu anaolewa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, hapa Dar es Salaam. Baba yetu alishatangulia mbele za haki, kwa hiyo atakayetoa neno kwa niaba ya wazazi ni baba mdogo. Wiki iliyopita alinitumia hotuba yake kwenye simu: picha nne za karatasi za daftari, mwandiko umejaa mpaka pembezoni, na ujumbe mfupi, "Mwanangu, nichapie kwa herufi kubwa, na lugha unirekebishie." Nimeichapa. Lugha yake ni nzuri kuliko yangu. Yaliyomo ndiyo yananikosesha usingizi.

Nianze na urefu. MC ametupa dakika tano, kwa sababu ukumbi unafungwa saa sita usiku na sote tunajua maharusi hawaingii saa iliyoandikwa kwenye kadi. Niliposoma hotuba kimoyomoyo ilionekana ya dakika tano kweli. Kisha nikasimama sebuleni nikaisoma kwa sauti, polepole kama asomavyo mtu mwenye miwani na kipaza sauti mkononi, simu ikihesabu. Dakika kumi na moja na sekunde arobaini, kabla hata hujaweka vigelegele na makofi. Maneno yalikuwa 1,140. Kwa mwendo ule, dakika tano zenye nafasi ya watu kushangilia zinabeba maneno kama 400 tu.

Nikatafuta muda unapotelea wapi. Karibu dakika mbili zinaishia kwenye kutaja watu: mwenyekiti wa kamati, mweka hazina, wazee wa Songea mmoja mmoja, wachungaji, majirani. MC atakuwa ameshafanya utambulisho, na neno "itifaki imezingatiwa" lingetosha. Ila namfahamu baba mdogo. Kwake mzee asiyetajwa jina ni mzee aliyedharauliwa. Hapo nadhani tunaweza kuelewana: majina ya wazee tumpe MC ayasome vizuri kwenye utambulisho, hotuba ianzie kwa bibi harusi.

Yanayofuata ni mazito zaidi.

Kwenye shukrani kwa kamati ameandika: "Wapo walioahidi laki mbili wakaleta hamsini, lakini Mungu ametuvusha." Mshauri, hao watu watakuwa wamekaa mle mle ukumbini. Mmoja wao ni rafiki wa mama, alifiwa na mumewe katikati ya michango, na bado alileta alichokuwa nacho. Hatatajwa jina, lakini kamati nzima ina lile daftari la ahadi na meza yake wataigeukia. Sentensi hiyo nimeiweka hivi: "Tunawashukuru wote waliochangia, kila mmoja kwa uwezo wake." Mahari nayo ameitaja kwa kiasi chake. Hiyo nimeifuta bila kufikiri mara mbili.

Kuhusu mdogo wangu ameandika kwamba "tulishaanza kukata tamaa, miaka thelathini na nne si mchezo, mkwe umetuokoa." Najua amekusudia watu wacheke. Lakini mdogo wangu amesikia maneno hayo kwenye kila kikao cha ukoo kwa miaka saba, na siku hiyo moja nataka asiyasikie. Badala yake nimechukua kisa ambacho baba mdogo mwenyewe alikitupa kwenye mstari mmoja ukurasa wa tatu: siku alipompeleka binti huyu shule ya bweni, wakiwa wamebeba godoro juu ya baiskeli, mvua ikawakuta njiani, mtoto akavua sweta akalifunika godoro. Nimekipa kisa hicho nafasi ya kutosha. Kinamweleza bibi harusi alivyo, na kinaonyesha kwamba baba mdogo alitulea, bila yeye kulazimika kujisifu kama alivyofanya kwenye nusu ukurasa uliokuwa unafuata. Mama alikuwa hamo kabisa. Nimemwingiza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie.

Sisi ni Wangoni, bwana harusi ni Mhehe. Ni watani wetu tangu vita vya mababu katika karne ya 19, na harusi ya Mngoni na Mhehe bila utani ingepooza. Baba mdogo ameandika utani mwingi, na mwingi ni mtamu. Lakini ameweka na ule unaojulikana nchi nzima, wa Wahehe na kamba: kwamba binti yetu akimuudhi mumewe, ndugu wafiche kamba zote za nyumbani.

Mwaka jana mdogo wake mama wa bwana harusi alijinyonga. Kwenye msiba watu waliambiwa aliugua ghafla. Bwana harusi alimweleza mdogo wangu, naye akaniambia mimi peke yangu na kunisihi nisimwambie mtu. Baba mdogo hajui. Yule mama atakuwa ameketi meza kuu, macho ya ukumbi wote yakiwa kwake, akisubiriwa acheke.

Nimejiuliza sana kwa nini utani huo huo msibani kijijini huwa hauumi hivi. Nadhani ni kwa sababu kule mtani anakujibu. Unamrushia, anakurudishia, na yeye ndiye anayejua akuache uende mpaka wapi. Ukumbini kipaza sauti kiko kwa mmoja tu. Mama yule hataweza kujibu wala kuondoka.

Nilidhani nitafuta tu mistari ile na kumpa baba mdogo karatasi safi. Lakini utani anao kichwani. Akiona haumo atausema bila karatasi, na hapo ndipo huwa anarefusha. Nikimwambia "baba, huo utani umeshapitwa na wakati," atanijibu kwamba mtoto wa mjini hamfundishi Mngoni kutania. Nikimweleza sababu, nimevunja siri ya mdogo wangu na ya familia anayoingia. MC amejitolea kumpigia muziki akifika hapo. Nimekataa. Kwenye harusi ya binamu yetu walimfanyia hivyo: muziki ulipanda yeye bado anazungumza, akabaki amesimama na karatasi yake, mdomo unatembea, hakuna anayemsikia, kisha akaikunja mara nne akaitia mfukoni. Mtu huyu ndiye aliyenilipia ada kidato cha kwanza mpaka cha nne. Sitaki kumwona vile tena.

Nimefikiria kumtumia shangazi, dada yake mkubwa, ambaye anaweza kumwambia "hilo liache" naye asiulize kwa nini. Lakini shangazi mwenyewe atataka kujua. Au nimwombe mdogo wangu ruhusa nimweleze baba mdogo peke yake, kwa sababu akijua, nina hakika hatalisema. Hapo naogopa kumpa bibi harusi mzigo huo wiki mbili kabla ya siku yake.

Mshauri, nipitie njia ipi? Na wasomaji ambao ni Wangoni au Wahehe, kuna utani mwingine wa kwetu ninaoweza kumwekea pale, mkali wa kutosha asione pengo, ambao hata mama mkwe ataucheka? Hotuba sasa ina maneno 430. Baba mdogo anakuja Jumapili mchana kuichukua, na ameshasema ataisoma mbele yangu kwa sauti.

Dada wa bibi harusi,
Dar es Salaam